Mama, hukunifanya baba wa nyumba

Shikamoo mama. Najua ujumbe mrefu huwa unausoma usiku ukishamaliza kazi, kwa hiyo huu usiuanze sasa hivi kama una nguo ya mtu kwenye cherehani, malizia kwanza.

Leo ni siku ya akina mama, Jumapili ya pili ya mwezi wa tano, na simu yako najua imejaa zile picha za maua zenye maandishi ambazo kila mtu anamtumia kila mtu. Mi sijakutumia hata moja. Huyu mama aliyeianzisha hii siku, Anna Jarvis, Mmarekani, aliifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1908 kumkumbuka mama yake aliyefariki mwaka 1905, na mwaka 1914 rais wao Wilson akaitangaza rasmi. Sasa huyu dada yeye mwenyewe hakuwahi kuzaa, na baadaye aliichukia kabisa namna watu wanavyonunua kadi zilizochapishwa tayari halafu wanaweka sahihi tu, yeye aliona mtoto akae chini amwandikie mama yake kwa maneno yake. Nimeona ana haki. Basi nimekaa chini.

Watu wakimshukuru mama aliyelea peke yake huwa wanasema umekuwa mama na baba. Wanasema kwa nia njema na sina ugomvi nao, ila mimi nataka nikushukuru kwa kitu kingine ambacho sijawahi kusikia mtu anakisema, na nimekijua thamani yake baada ya kukaa na rafiki zangu waliolelewa na mzazi mmoja kama mimi. Mama, wewe ulinilea peke yako na hukunigeuza mimi kuwa mwenzako wa kubeba. Uliniacha niwe mtoto.

Nakumbuka vizuri kipindi kile baba ameondoka, nina miaka sita, ndugu wanakuja nyumbani kwa zamu kukupa pole, na kila mjomba na kila baba mdogo akiingia ananishika kichwa ananiambia "haya, sasa wewe ndo mwanaume wa nyumba hii, mwangalie mama yako". Mimi naitikia ndiyo kwa sababu mtu mzima ameongea. Wewe ulivumilia kama mara mbili tatu hivi, halafu siku moja ukamjibu mmoja wao mbele yangu, kwa heshima kabisa maana alikuwa mkubwa kwako, ukasema "kaka, mwenye nyumba hii ni mimi, huyu ni mwanangu, mwacheni akacheze". Kisha ukanigeukia ukaniambia nenda nje. Nikaenda nje. Nilikuwa sielewi lakini mwili ulielewa, yani niliondokewa na kitu kizito ambacho nilikuwa sijui hata kama nimekibeba.

Rafiki yangu mmoja, jina lake naliacha, mama yake alikuwa mzuri sana na alimpenda sana, ila toka ana miaka minane alikuwa anaambiwa kila kitu. Kodi haijatimia anaambiwa, mama kagombana na shangazi anaambiwa, mama amelia usiku yeye ndo anambembeleza. Akawa mtoto wa kusifiwa mtaa mzima, mtulivu, ana akili za kikubwa. Sasa hivi ni mtu mzima na simu ya mama yake ikiita usiku anatetemeka mikono kabla hajapokea, na mchumba akimwambia nina shida kidogo anaichukua yote yeye, usingizi hapati. Simlaumu mama yake hata kidogo, maana mtu akiwa peke yake na mzigo na mtu pekee aliye karibu ni mtoto wake, kuongea naye ndo kitu cha kwanza kinachokuja. Ndo maana nasema wewe ulifanya kazi, haikutokea tu.

Na ulifanyaje? Hili nimelifikiria sana. Wewe hukuficha matatizo, maana nyumba ya chumba na sebule utaficha nini. Nilijua hela ni ngumu. Ila ulikuwa unaniambia jambo pamoja na mpango wake, hukuwahi kuniachia jambo likiwa uchi. Hukusema "sijui ada tutaitoa wapi", ulisema "ada haijatimia, nimeongea na mwalimu mkuu, tutalipa kwa awamu, wewe nenda darasani". Na ni kweli ulikuwa umeongea naye, tena kabla shule haijafunguliwa. Hii nimekuja kuielewa nilivyoanza kazi na mimi nikawa na wadeni wangu, kwamba mtu anayekuja kukwambia mapema sitaweza kulipa yote ila hii hapa ya kwanza na iliyobaki tarehe fulani, unamsikiliza tofauti kabisa na yule unayemtafuta. Wewe ulikuwa unaenda na daftari lako, mnaandika awamu tatu na tarehe zake, mwalimu anaweka sahihi, unarudi. Wenzangu walikuwa wanarudishwa nyumbani katikati ya somo la hesabu, mimi wakija kuita majina nilikuwa nakaa nimetulia.

Ulipanga hivo kwa sababu hela ya fundi cherehani haiji kwa mwezi kama mshahara. Wiki zile za kufungua shule na zile za kuelekea sikukuu kazi zinajaa hadi vitambaa vinalala juu ya kitanda, halafu inakuja miezi miwili mikavu watu wanaleta zipu na kupunguza viuno tu. Wewe ulikuwa na zile bahasha zako nne kwenye droo ya cherehani. Ya kodi, ya shule, ya mtaji yani uzi, vifungo, zipu na sindano, na ya usiku. Mwezi uliojaa ulikuwa unazijaza kwanza hizo kabla hujanunua chochote cha nyumbani, na ile ya mtaji hukuigusa hata tukiwa na hali mbaya, ulisema fundi asiye na uzi ni mtu aliyekaa nyumbani.

Ile ya usiku ndo nataka niiongelee.

Nilikuwa najua ipo, nilikuwa sijui kwa nini inaitwa ya usiku. Siku moja nilikuuliza ukanieleza huku unatia uzi kwenye bobini, kwamba mchana mtu akikwama kuna watu wa kukopa, kuna mteja wa kumdai, ila usiku wa manane hakuna, na nyumba yenye mtu mzima mmoja huyo mmoja akianguka usiku ameanguka peke yake. Kwa hiyo hela ya kufika hospitali na kuanza matibabu inakaa pale, haikopwi, haikopeshwi. Ukaniambia hivo tu kama mtu anayemwonesha mtoto sehemu ya viberiti, ukaendelea kushona.

Na ndani ya mlango, kimo cha macho yangu siyo yako, ulibandika karatasi. Nikifumba macho naiona. Mama akiumwa sana: moja, mgongee mama wa mlango wa pili mlango wake hata kama ni usiku, ufunguo wetu wa akiba anao. Mbili, kama hayupo, nyumba ya kona. Tatu, namba ya mjomba. Chini kabisa uliandika: ukishamwita mtu mzima, kazi yako imeisha, kaa karibu na mimi. Na mara kwa mara ulikuwa unanifanyia majaribio, mchana, unaniambia haya mama kaanguka unafanya nini, nami nakimbia hadi kwa jirani nagonga, tunacheka wote watatu.

Ikatokea kweli nikiwa na miaka kumi. Nimeamka nakuta unatetemeka, jasho limelowanisha shuka, unaongea maneno hayaeleweki, nikikuita unanitazama kama hunijui. Mama, niliogopa sana. Lakini sikuwaza nifanye nini, hicho ndo kitu ninachotaka ukijue. Miguu ilikuwa inajua. Nilienda mlango wa pili nikagonga kwa ngumi, yule mama akatoka na kanga yake, akaingia akakugusa shingo, akamtuma mwanae akaite gari, akafungua droo akachukua bahasha, maana naye ulishamwonesha. Mimi nikakaa karibu na wewe. Nilikuwa nalia ila nililia kama mtoto anayemlilia mama yake, sikulia kama mtu aliyeshindwa kumwokoa mama yake, na nadhani kama ungekuwa hujaandika ile sentensi ya mwisho ningekuwa mpaka leo naishi ndani ya ule usiku. Ulilazwa, ukapona, uliporudi kitu cha kwanza ulimrudishia jirani shukrani zake na cha pili ukaanza kuijaza tena ile bahasha.

Huwa nawaambia wenzangu wanaolea peke yao sasa hivi, mambo mengine kila mtu na nyumba yake, ila hiyo karatasi iandikeni leo. Na muiandike kwa maneno ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuyasoma, na watu wazima wa kwenye hiyo karatasi waambiwe wakubali kwanza, maana mtoto akigonga mlango saa nane usiku anayefungua asianze kushangaa.

Kazi lakini ulinipa mama, tusidanganyane. Kufagia yangu, vyombo vyangu, maji yangu, na jioni nilikuwa natoa nyuzi za mishono uliyofumua na kushona vifungo. Vifungo vile ulinifundisha mwenyewe, uzi mara mbili, pita kwenye matundu mara nne, kisha zungusha uzi chini ya kifungo kabla ya kufunga ili kipate shingo kidogo, la sivyo kitavuta kitambaa. Ukikuta nimekaza sana unafumua bila kusema neno unanirudishia. Lakini saa moja na nusu ikifika ulikuwa unaninyang'anya nguo mkononi hata kama imebaki kifungo kimoja na mteja anakuja asubuhi, unasema daftari. Kuna shangazi aliwahi kukushauri niache shule nikukalie kwenye cherehani ya pili ili kazi ziende, ukamwambia kazi zikizidi nitakataa kazi. Na kweli nilikuona unakataa, unamwambia mteja siwezi hii wiki, nenda kwa fulani. Hela ilikuwa inatoka mlangoni hivihivi tunaiona.

Na sare zangu, eh. Watu wanadhani mtoto wa fundi ana bahati ya nguo mpya, kumbe mtoto wa fundi ndo wa mwisho kushonewa. Suruali yangu ya sekondari ulinishonea moja nzuri, na nilikuwa narefuka kila nikilala. Wewe ulishaliona hilo mapema. Kwanza kitambaa ulikifua na kukianika kabla hujakikata, ili kama ni kusinyaa kisinyae kikiwa bado kitambaa. Halafu chini uliacha pindo la inchi nne, ukalikunja mara mbili na kulishona kwa mkono kwa mishono mirefu ya kufichika, na kwenye mshono wa nyuma wa kiuno uliacha inchi moja na nusu kila upande ambako mafundi wengi wanaacha robo ya hiyo. Kila likizo ndefu ulikuwa unanisimamisha juu ya kiti, unafumua pindo kwa wembe, unashusha inchi moja, unapiga pasi na kitambaa chenye unyevu. Tatizo la kushusha pindo ni ule mstari wa zamani, maana nje kitambaa kimepauka na ndani bado kina rangi, unabaki mstari unaotangaza kwa shule nzima kwamba hii imeshushwa. Wewe ulikuwa unapitisha cherehani juu ya ule mstari kwenye miguu yote miwili, uzi wa rangi ileile, inaonekana kama urembo umekusudiwa. Wenzangu waliniuliza nimeshonesha wapi! Ila mapaja hayana pindo, mwaka wa tatu yakakaza, hapo ndo ukakubali, ukaikata ikawa kaptula ya kuchezea mpira.

Nimeeleza yote haya kuhusu suruali kwa sababu siku ile natoka nayo nimevaa ina mistari miwili ya urembo sikuwa najua tulikuwa tumekwama kiasi gani. Uliniambia baadaye sana nikiwa nishaajiriwa. Ulihesabu vizuri kwamba mimi nahitaji kujua niende shule vipi, na sihitaji kujua umekosa usingizi mara ngapi.

Sasa la baba. Hapa naenda polepole maana najua na wewe utasoma polepole.

Nilivyokuuliza nikiwa mdogo yuko wapi, ulinijibu kwa sentensi ambayo naikumbuka kama ilivyo: "Baba yako yupo hai, ameenda kuishi kwingine, na hajaondoka kwa sababu yako." Hiyo ya mwisho sikuwa nimeiuliza. Uliiweka mwenyewe kwa sababu ulijua mtoto anajiuliza kimoyomoyo, na ni kweli nilikuwa nadhani ni kwa sababu nilivunja redio yake. Nilivyokua kidogo ukaniongezea kwamba mlishindwana, na nilivyomaliza shule ukanieleza yaliyotokea, mengine yalikuuma kuyasema na uliyasema bila kutukana. Ukweli ulikuwa uleule toka mwanzo, ulikuwa unanipimia tu kadri ya kimo changu, hakuna siku nilikuja kugundua kwamba ulinidanganya.

Na zile mara chache alizoniita nikaenda kumwona, nikirudi ulikuwa unaniuliza maswali mawili tu, umekula na umelala vizuri. Hukuniuliza anaishi na nani, kanunua nini, kasema nini kuhusu wewe. Nina hakika ulitaka kujua, ni nani asingetaka? Lakini nilikuwa naweza kwenda na kurudi bila kuwa mpelelezi wa mtu, na nikitaka kusimulia nasimulia mwenyewe na wewe unasikiliza huku mguu unaendesha cherehani. Jamaa zangu wengine walikuwa wanaogopa kurudi nyumbani kuliko kwenda, kwa sababu ya kuhojiwa. Naomba wazazi mliotengana mlisikie hili kama mtalisoma.

Yale ambayo ulijua huwezi, uliwatafuta wa kuyafanya. Sauti ilivyoanza kukatika na ndevu kuota hukujifanya mtaalamu, ulimwita mjomba, ukamwambia nina shida na wewe Jumamosi, akaja akakaa na mimi nyuma ya nyumba mchana kutwa, tukaongea mambo ya mwili na ya wasichana na akanionesha kunyoa bila kujikata. Wewe ulikuwa ndani unashona, hukutoka hata mara moja. Halafu akaendelea kuja, mwezi hadi mwezi, kwa miaka, na nimejua juzijuzi kwa mdomo wake kwamba ni wewe ulikuwa unampigia kumkumbusha. Mi nilidhani ananipenda tu akajileta, na kwa kweli alinipenda, ila aliyekuwa anashika ile kamba ni wewe.

Na kulia ulilia wapi? Hili niliwahi kumuuliza yule mama wa mlango wa pili, tukiwa msibani kwa mume wake. Akaniambia wewe mwanangu, mama yako alikuwa ananigongea mlango huu ukishalala, anakaa hapo kwenye kigoda, analia mpaka anamaliza, ananawa uso, anarudi. Kwa hiyo ulikuwa na mtu wako. Nilifurahi sana kusikia hivo mama, sijui kama unaelewa, nilifurahi kwamba yale machozi hukuyameza, uliyapeleka kwa mtu mzima mwenzako na mimi nikaendelea kulala.

Basi asante. Asante kwa karatasi ya mlangoni na bahasha ya usiku, asante kwa yale uliyoniambia na yale uliyongoja nikue. Mwaka huu na mimi naitwa baba, mtoto bado hajui hata kukaa, na mke wangu ananiuliza haya mambo nimeyajulia wapi, namwambia subiri mama aje.

Sasa ya kumalizia ni kwamba Jumanne nakuja kukuchukua twende ukapime macho. Nilikuona safari ile unatia uzi sindano imeenda mbali mpaka mkono umenyooka wote, na huo ni umri tu, ukivuka 40 macho ya karibu yanaanza kuchoka kwa kila mtu, miwani inarekebisha. Usianze kuniambia hela, nimeshalipia na nimeshawaambia wateja wako wawili niliokutana nao pale nje kwamba Jumanne hufungui. Jiandae asubuhi mapema, na uje na nguo unayoishona sasa hivi ili ukijaribu miwani uijaribie kwenye mshono wenyewe, usije ukaijaribia kwenye yale maherufi yao ya ukutani ukaja kuniambia haikufai.

Nakupenda mama. Mwanao.